Jumamosi Alizowashikia Wengine

Mimi nimekuwa katibu muhtasi maisha yangu yote ya kazi, na mtu asinichezee kwenye barua ya Kiingereza. Nimewaandikia mabosi waliokuwa hawajui hata kuanza sentensi, wakasifiwa mikutanoni kwa maneno yangu, nami nimekaa pembeni namimina chai. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata kazi Uingereza, kwenye nyumba ya kulelea wazee, akaniambia kwamba kuongea anaongea lakini kumwandikia meneja hathubutu, nilicheka. Nikamwambia, wewe sema kwa Kiswahili, mengine niachie mimi dada yako.

Ndivyo tulivyoanza. Yeye anatuma voisi akiwa kwenye kituo cha basi au jikoni kwake, mimi niko Soweto mjini Moshi, nimekaa mezani na miwani yangu, nasikiliza, naandika, namrudishia. Yeye ananakili na kumtumia meneja. Karibu zote zilikuwa za jambo moja: kubadilishana zamu.

Nilijifunza ile kazi yao kwa masikio. Ratiba ya zamu inatoka mwezi mzima kwa mkupuo, na ikishatoka jina lako likiwa Jumanne, ni Jumanne. Ukitaka kuiachia, huendi kwa meneja kulialia. Unatafuta mwenzako kwanza, tena wa ngazi yako. Mdogo wangu alikuwa amefundishwa kuwapa wazee dawa, na kila zamu lazima awepo mtu wa namna hiyo, kwa hiyo asingeweza kubadilishana na mfanyakazi wa jana anayejua kutandika vitanda tu. Mkikubaliana, wote wawili mnamwandikia meneja. Meneja anaangalia kama kuna mtu atakayetoka zamu ya usiku akaunganisha ya asubuhi bila kupumzika, maana hilo haliruhusiwi, na anaangalia saa za kila mmoja zisipungue zile za mkataba. Akikubali, anabadilisha majina. Kabla hajakubali, zamu bado ni yako, na usipotokea ni kosa lako wewe, si la yule aliyekuahidi. Na mdogo wangu asingeweza kufanya masihara na makosa. Mwajiri ndiye aliyemshikia kibali cha kuishi kule. Kazi ikiota mbawa, na kibali nacho kinaondoka.

Voisi zake zilikuwa ndefu, jamani. Angeanza na salamu, angeuliza kama ng'ombe wa kule kwetu Uru amezaa, angemwulizia binti yake, halafu ndipo aingie kwenye habari yenyewe kwa kupitia mlango wa nyuma. "Dada, kuna yule msichana wa Kiingereza niliyekuambia, yule mwenye nywele za rangi rangi. Mama yake ameanguka ngazini, yuko mbali, hana mtu wa kumwona. Nimemwambia aende tu, nitamshikia Jumamosi. Sasa mwandikie bosi vizuri." Nami namwandikia vizuri. Katika barua ya kiofisi huwezi kuweka ngazi wala nywele za rangi rangi. Niliandika kwamba kufuatia makubaliano na mwenzangu, niko radhi kufanya zamu ya Jumamosi ya tarehe fulani, na nitashukuru kwa idhini yako. Mistari minne, imenyooka, imetulia. Meneja alijibu siku hiyo hiyo kwamba amekubali na anashukuru. Mdogo wangu akafurahi, akasema, "Dada, wewe ni hatari."

Nikawa hatari kweli. Jumamosi ile ikazaa nyingine. Mama wa yule msichana akapona, lakini kukawa na harusi ya rafiki, kukawa na kuhama nyumba, kukawa na mpenzi aliyerudi kutoka sijui wapi. Kila mara mdogo wangu alimshikia. Na si yeye peke yake. Palikuwa na mama mmoja Mfilipino ambaye naye mdogo wangu alimsaidia mara chache, na kijana mmoja wa Kinaijeria, lakini huyo alihamia nyumba nyingine ya wazee kabla ya mwaka kuisha. Mimi niliandika zote. Sikumbuki hata moja ambayo ndani yake tulisema: na yeye atanirudishia siku fulani.

Msinishangae. Sisi tumekulia Uru, kwenye migomba. Kwetu jirani akijenga, unakwenda. Akifiwa, unakwenda na mkungu wa ndizi, unamenya pamoja na wengine mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu. Je, wakati unamenya unamwambia mfiwa, "Na mimi nikifiwa utakuja Alhamisi"? Thubutu! Watu watakutazama kama mchawi. Unafanya, unanyamaza, unakwenda zako. Anayedai wema aliotenda ameshaufuta. Lakini kila mtu anajua, na siku yako ikifika hutumi mtu kuita, unaona tu watu wanaingia uani na mapanga yao. Mdogo wangu alikwenda Ulaya na akili hiyo hiyo. Aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu aliyeweka mahindi darini, "Mimi huku nimejaza watu, dada. Siku nikiwa na shida, sitakosa wa kunishika." Nami nikamwambia wema hauozi.

Siku yenyewe tuliijua. Ilikuwa kipaimara cha binti yake.

Binti huyu niliachiwa akiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka yote mawili. Baba yake alishafariki. Mama yake alipoondoka alimwambia kitu kimoja, mbele yangu, pale pale uwanja wa ndege: "Komunyo ya kwanza sitakuwepo, mwanangu, nisamehe. Lakini kipaimara nitakuja, nitakaa benchi la mbele mpaka Askofu anishangae." Mtoto akaliweka neno hilo. Hakuwa mtoto wa kudai. Viatu vikimbana anakaa kimya mpaka nimwone anachechemea. Lakini hilo moja alilidai kila alipoongea naye kwenye simu, na mwanzoni mwa mwaka paroko alipotangaza Jumamosi ya kipaimara, alikimbia kutoka kanisani kunitafuta nimpe simu kabla hata hatujatoka getini.

Likizo ikaombwa. Niliiandika mimi, na nikaiandika mapema, wiki mbili, Jumamosi ile ikiwa katikati. Meneja akakubali. Tiketi ikanunuliwa. Mdogo wangu akatua, mnene kidogo, mweupe kidogo, amebeba sabuni na chokoleti utadhani anafungua duka. Yule binti, ambaye sasa amempita mama yake kwa urefu, alisimama mlangoni akasema "shikamoo mama" kama anasalimia mgeni, halafu akaangua kilio, na mama mtu akaangua, na mimi nikawagombeza wote wawili kwamba chai inapoa. Nililia jikoni.

Tukapanda Uru, maana sherehe ni lazima iwe nyumbani, kwenye kihamba, shamba la migomba la wazee wetu. Majirani wakaanza kuleta ndizi za kupikia na za pombe yetu ya mbege bila kuambiwa. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa na mama yake alilipunguza kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mimi niliona lilikuwa sawa. Nilijua alitaka tu kushika kitu cha mwanawe.

Jumapili, wiki ile ile ya sherehe, misa ikiwa inaisha, paroko akasimama kwa matangazo. Akaanza na mchango wa bati, akaenda kwa wanakwaya, halafu akasema kwa upole kwamba Baba Askofu amepata dharura, hivyo kipaimara kimesogezwa Jumamosi moja mbele. Watu wakaguna. Ndugu zao wa Dar walikuwa wameshaomba ruhusa, wengine wameshaagiza hata ng'ombe. Mimi nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya goti lake, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Ndege yake ilikuwa Jumanne ya wiki ile nyingine. Alhamisi yake alikuwa zamu, na Jumamosi yake pia, zamu ndefu ya kutwa nzima. Jumamosi ile ile ya kipaimara.

Tiketi ingeweza kusogezwa, tuliuliza. Angeruka Jumamosi jioni baada ya sherehe, Jumatatu yuko kazini. Kilichobaki ni zamu mbili tu. Tulikaa kwenye benchi chini ya kipenu cha jikoni, mimi na simu, yeye na kikombe cha chai ambacho hakukinywa, tukamwandikia meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwamba anasikitika, likizo haiwezi kuongezwa kwa sababu wengine wawili wako likizo wiki hiyo na amepungukiwa, lakini akipata wa kubadilishana naye mwenye ngazi yake, na wote wakaandika kabla ya Jumatatu mchana ya wiki ile nyingine, yeye hatakuwa na kizuizi.

"Si umesikia?" nikamwambia. "Zamu mbili! Wewe uliyemshikia kila mtu! Tutawapata kabla ya kula."

Mama Mfilipino alijibu haraka. Atachukua Alhamisi, na mdogo wangu atamfanyia Jumatano ya wiki inayofuata. Ameshamwandikia meneja. Nakumbuka nilivyokunja uso. Nilimwambia mdogo wangu, "Huyu naye, hata kupumua hajapumua, ameshadai Jumatano yake." Mdogo wangu akacheka kidogo. Wala hatukuona kwamba yule mama alikuwa anatufundisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya pale: unatoa siku, unataja siku, zote mbili zinaandikwa, hakuna anayechukia. Sisi tuliona ni uchoyo.

Jumamosi tukaiacha kwa yule msichana wa Kiingereza, kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Jumamosi si zake hizo? Mdogo wangu alimwandikia mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kuongea, akamweleza kipaimara ni nini, akamtumia hata picha ya gauni. Jibu halikuja siku hiyo. Likaja kesho yake, siku nzuri, kilele cha Kibo kiko wazi mpaka nyuma ya migomba unaiona theluji, na sisi tunapepeta ulezi wa mbege. Mdogo wangu akalisoma, akanipa simu.

Alikuwa ameandika kwa upendo, lazima niseme haki. Gauni ni zuri mno, mtoto ni mrembo mno. Lakini Jumamosi hiyo ana safari na marafiki, wameshalipia hoteli. Anasikitika sana sana. Na mwisho akaweka alama za mabusu.

Moto ulinipanda mpaka masikioni. "Mkumbushe!" nikamwambia. "Mkumbushe ngazi! Mkumbushe harusi, mkumbushe kuhama nyumba! Nipe nikuandikie mimi. Nitamwandikia mpaka hoteli aione chungu."

"Dada, siwezi kumwambia mtu nilimsaidia. Nitaanzia wapi?"

"Utaanzia Jumamosi ya kwanza!"

Hakutaka. Nilimsukuma siku nzima, namfuata zizini, namfuata mtoni, mimi mwenyewe nikiwa nimechoka na kelele zangu. Jioni jua halijazama akakubali kuandika kitu kidogo, kwa aibu, kwamba kama anakumbuka, aliwahi kumsaidia Jumamosi kadhaa, na hii ni moja tu. Jibu hilo lilikuja papo hapo. Nitalisema kwa Kiswahili kama lilivyonikaa moyoni. Alisema: "Lakini mpenzi, si ulilipwa? Nilidhani wewe ndiye uliyekuwa unazitaka zile saa. Nilikuwa nakuachia wewe kwanza kabla ya wengine, kwa sababu ulikuwa unazipenda."

Tukatazamana. Hakukuwa na ubaya wowote katika yale maneno. Huyo msichana alikuwa amekaa muda wote huo akiamini kwamba yeye ndiye mwenye kumtendea mwenzake wema. Alikuwa anamwachia Mwafrika mwenye mtoto nyumbani saa za ziada, na labda kuna mahali alikuwa anajisifia kwa hilo. Kwenye hesabu yake hakuwa anadaiwa chochote. Na kweli, mdogo wangu alilipwa kila Jumamosi. Hatukuwahi kuwaza kwamba kulipwa kunafuta. Huku kwetu fundi anayelipwa na jirani anayekuja kukusaidia ni watu wawili tofauti, lakini kule aliyefanya zamu amefanya zamu.

Nikasema basi tumwendee meneja. Yeye ndiye aliyekuwa anabadilisha majina, anajua. Nikafungua zile barua zangu, nizikusanye, nimwonyeshe jinsi mdogo wangu alivyojitoa. Nikaanza kusoma kwa sauti, nikitafsiri nikienda. Niko radhi kufanya zamu ya Jumamosi. Niko tayari kuongezewa zamu ifuatayo. Nitashukuru kwa idhini yako. Kwa heshima naomba kupangiwa.

Mdogo wangu alinisikiliza, kichwa kimeinama juu ya ungo. Halafu akasema, "Ndivyo unavyoniandika siku zote?"

"Ndivyo barua za kiofisi zinavyoandikwa."

"Huyo mtu wa kwenye barua zako anapenda kazi, dada." Akapepeta mara moja, mara mbili. "Huyo hana mtoto hata mmoja."

Nikazirudia zile barua moja moja. Ngazi aliyoanguka mama wa yule msichana haikuwemo. Hofu haikuwemo, uchovu haukuwemo, wala ule usemi wake wa kila siku, "masikini, acha nimshike tu." Mimi sikudanganya hata neno moja. Kiingereza kilikuwa safi, na kila kitu alichokitaka kilipatikana. Na hata kama ningeyaweka, sijui kama yangesaidia. Meneja anapanga majina kwenye siku, hasomi mioyo ya watu. Lakini ilinichoma kwamba kwa muda wote ule mdogo wangu alikuwa anaweka akiba mahali ambapo hapana ghala, na mimi nilikuwa namshikia gunia.

Tulijaribu wengine. Mmoja alikubali, lakini hakuwa amefundishwa dawa, meneja akakataa, na kwa haki, maana wazee hawawezi kukaa kutwa nzima bila mtu wa kuwapa vidonge vyao. Mwingine alikuwa anatoka zamu ya usiku asubuhi ile ile. Mwingine hakujibu. Jumatatu mchana ikafika. Meneja akaandika kwamba Alhamisi imebadilishwa, na Jumamosi inabaki kama ilivyo.

Nikamwambia aumwe. Ndiyo, nilimwambia, na nikasema nitaiandika mimi hiyo barua ya ugonjwa, malaria kali, na daktari simkosi. Aliniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Zamu hiyo mwenye dawa ni mimi, dada. Nisipokwenda atabaki nani na wale wazee?" Nikasema, na mwanao atabaki na nani? Nikajuta lilivyotoka tu. Akainuka akaenda kufunga begi.

Kwa kuwa Alhamisi ilikuwa imepata mtu, aliweza kukaa siku mbili zaidi. Siku mbili! Mtu apewe siku mbili za kumtazama mwanawe akikariri maswali ya paroko, halafu aondolewe na maua yakiwa yanafungwa getini. Binti hakulia. Aliuliza tu kama Jumamosi ile kule ni siku kubwa pia, na mama yake akamwambia hapana mwanangu, kule ni Jumamosi tu. Alhamisi asubuhi akamvika lile gauni, akalivua, akalitundika. Tukashuka naye hadi uwanja wa ndege. Njia nzima aliongea habari za ng'ombe.

Kipaimara kilikuwa kizuri. Askofu alikuja kwa wakati, jambo ambalo sikumsamehe. Kwenye benchi la mbele nilikaa mimi, na pembeni yangu nikaacha nafasi bila kukusudia, mpaka mama mmoja mnene akaikalia, na alikuwa na haki, kanisa lilikuwa limejaa. Binti alipopakwa mafuta hakugeuka nyuma kutazama. Wenzake wote waligeuka.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa kihamba kizima. Sikuita mtu, haki ya Mungu, na walikuwa wengi kuliko sahani. Wanawake wa jirani wamechukua jiko langu, mtu hata simjui anakuna nazi, wazee wamekaa na vibuyu vyao vya mbege wanaimba kwa Kichagga wimbo ulioanza kabla ya chakula na haukuwa na dalili ya kuisha. Nikawatazama wale wanawake nikakumbuka nani nilimenya naye ndizi msiba wa nani. Nilitaka mdogo wangu awaone. Hiki ndicho alichodhani anakijenga kule.

Mchana huo simu ikalia jikoni. Voisi yake, ya wakati wa mapumziko, nyuma yake nasikia kengele ya mzee anayeita na vyombo vinagongana. Nikajifungia stoo nisikilize. Alimpongeza binti, akaniagiza nimbusu, akasema ameona picha zote na amemwonyesha bibi mmoja anayemhudumia, na bibi kasema gauni limemkaa vizuri kiunoni. Akacheka. Halafu akaongeza:

"Na lingine, dada. Yule msichana anaomba nimshikie Jumamosi ijayo. Niandikie kwa bosi, uandike vizuri kama kawaida."

Nikabonyeza hapo hapo, nikamjibu kwa hasira, watu wangenisikia hata nje. Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia huyo msichana angalau ataje siku ya kurudisha, nitaiandika kwa herufi kubwa, la sivyo mimi sina mkono wa kuandika. Nikamwambia tumeumwa na nyoka na yeye anarudisha mguu shimoni.

Jibu lake lilikuwa fupi, na halikuwa na hasira hata chembe.

"Siku ya kurudisha ya nini, dada? Siku niliyokuwa naitaka ilikuwa leo."

Nikakaa juu ya gunia la mahindi. Nje walikuwa wanamwita binti akate keki, na yeye anajibu, "Mpaka mama mkubwa aje." Nikavuta miwani, nikaandika kwamba mdogo wangu yuko radhi kufanya zamu ya Jumamosi ijayo, na atashukuru kwa idhini. Nikaisoma, haikuwa na kosa, nikaituma, nikatoka kwenda kukata keki.